Alama 10 za Maji Maji: mwongozo wa ngazi unavyotungwa

Swali lenyewe ni fupi. "Kilimo cha lazima cha pamba ndicho kilichosababisha Vita vya Maji Maji. Unakubaliana na kauli hii kwa kiasi gani? (Alama 10)."

Mwanafunzi wa kwanza anajibu kwa sababu sita alizozipanga kwa namba: kilimo cha pamba, kodi, ukatili wa maakida, kazi za kulazimishwa, kunyang'anywa madaraka kwa watawala wa jadi, na imani ya maji. Kila sababu ina sentensi moja, na hakuna sentensi yenye kosa. Wa pili anataja sababu mbili tu. Anaeleza jinsi shamba la pamba la kijiji lilivyowaondoa watu kwenye mashamba yao wenyewe, halafu anauliza: kama ni pamba peke yake, Wangoni wa Songea waliingiaje vitani, wakati mpango ule wa pamba ulikuwa hasa wa wilaya za karibu na pwani?

Nani apewe alama nyingi? Mwalimu anayehesabu hoja atampa wa kwanza, kwa sababu ana sita dhidi ya mbili. Lakini swali halikuomba hesabu ya sababu. Lilimtaka mtahiniwa apime uzito wa sababu moja akiilinganisha na nyingine, na kazi hiyo kaifanya mmoja tu kati yao.

Kuhesabu hoja kuna mahali pake, na ni haki kusema hivyo kabla ya kwenda mbele. Wanafunzi wa Kenya wanaoujua mtihani wa kidato cha nne wamezoea swali la "Eleza sababu tano" lenye alama 10, ambapo kila hoja iliyoelezwa hupata alama 2. Swali la namna hiyo limepima linachotaka kupima, na wasahihishaji hawasumbuki sana kukubaliana. Shida huanza pale mwongozo uleule unapopachikwa kwenye swali la "kwa kiasi gani". Mwanafunzi anafikiri, mwongozo unahesabu, na katika mwaka mmoja tu darasa zima linajifunza kwamba kufikiri hakulipi.

Njia nyingine ya kusahihisha ilikulia Uingereza. Mwaka 1972 ulianzishwa mradi wa kufundisha historia, wenye makao Leeds, uliotaka wanafunzi washughulike na ushahidi na sababu badala ya kukariri matukio. Mtihani wa mradi huo ulihitaji mwongozo unaoweza kutofautisha aina za kufikiri, na polepole ikazoeleka kuyapanga majibu kwa ngazi. Mitihani mipya ya taifa ya kidato cha nne ilipofanywa huko kwa mara ya kwanza mwaka 1988, ngazi ziliingia moja kwa moja. Shule za Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Maskati zinazofanya mitihani ya kimataifa ya Kembriji zilikutana nazo kwa njia hiyo. Kwa miaka mingi swali la alama 10 la historia katika mtihani ule lilikuwa na ngazi tano: dai tupu alama 1, kutaja tu alama 2 hadi 3, maelezo ya upande mmoja 4 hadi 6, maelezo ya pande zote mbili 7 hadi 9, na uamuzi wenye hoja juu ya "kwa kiasi gani" alama 10.

Mwalimu anayetaka kutunga mwongozo wake mwenyewe anaweza kuanza hapo, lakini asinakili. Ngazi zinatakiwa zitoke ndani ya swali alilolitunga yeye.

Kazi huanzia juu. Kabla ya kuandika ngazi yoyote, mtungaji analijibu swali mwenyewe, kwa muda uleule atakaompa mwanafunzi, kisha anajiuliza jibu lake limefanya nini. Si limetaja nini, limefanya nini. Kwa swali hili la pamba, jibu la kilele hutenganisha mambo mawili ambayo kauli imeyachanganya: kuanza kwa vita na kuenea kwake. Mwaka 1902 serikali ya Gavana Götzen iliagiza vijiji vilime pamba katika shamba la pamoja, chini ya jumbe na akida. Mpango ulisema siku 28 za kazi kwa mwaka, ingawa mara nyingi zilizidi, na malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa, waling'oa miche ya pamba. Kwa kuanza kwa vita, basi, kauli ina nguvu nyingi.

Kwa kuenea kwake, nguvu hiyo inapungua. Dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliwafikia watu ambao hawakuwa na utawala mmoja wala kabila moja, ikawapa sababu ya kupigana pamoja. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile mapema Agosti 1905, lakini vita viliendelea kusambaa. Huko Ungoni, watawala waliokuwa wameonja ubabe wa Wajerumani tangu mwaka 1897 walikuwa na kisasi chao na uhuru wao wa kuurudisha. Waliponyongwa Songea mwaka 1906, wengi wao kwa pamoja tarehe 27 Februari, hawakufa kwa ajili ya shamba la pamba la kijiji.

Kwa hiyo jibu la kilele linaweza kusema: pamba inaeleza vizuri kwa nini moto uliwaka Umatumbi, lakini haitoshi kueleza kwa nini uliteketeza kusini nzima. Jibu la namna hiyo lina kipimo. Halisemi tu "nakubali kwa kiasi kikubwa". Linaonyesha mstari unaotenganisha mahali kauli inaposimama na mahali inapoanguka. Mtungaji akishaliona hilo, anajua alama 9 na 10 anazihifadhia kitu gani.

Kutoka kileleni, kishawishi ni kuteremka kwa vivumishi: jibu bora sana, bora, zuri, la wastani, dhaifu. Miongozo mingi imeandikwa hivyo na haimsaidii mtu. Walimu wawili wanaweza kukaa saa nzima wakibishana kama jibu ni "zuri" au "zuri kiasi", na wote wakawa sahihi, kwa sababu neno lenyewe halina mpaka. Kila ngazi inahitaji kitenzi. Mtahiniwa anafanya jambo gani hapa ambalo kwenye ngazi ya chini yake halifanyi?

Hapo ndipo majibu ya wanafunzi halisi yanapohitajika. Mtungaji mwenye bahati analijaribisha swali kwa darasa moja lisilohusika na mtihani, anapata karatasi 20 au 30, na anazisoma bila kalamu nyekundu. Haandiki alama hata moja. Anazigawa mafungu mezani kwa kuangalia namna ya kufikiri: hili na hili zinafanana, hili limefanya kitu kingine. Mafungu yakitulia, anachukua karatasi ya mwisho ya fungu moja na ya kwanza ya fungu linalofuata, anaziweka kando kwa kando, na kuandika sentensi moja inayosema tofauti yake. Sentensi hizo ndizo mwongozo. Vinginevyo vyote ni mapambo.

Kwa swali la Maji Maji mafungu hayo kwa kawaida huwa matano, na kwa alama 10 kila moja linaweza kupewa alama mbili. Chini kabisa, alama 1 hadi 2, yuko mtahiniwa anayedai bila ushahidi au anayesimulia vita bila kugusa sababu: Wajerumani walikuwa wakatili, watu walikunywa maji, risasi zikawaua. Alama 3 hadi 4 ni za anayetaja sababu za kweli zenye taarifa sahihi, ila anaziacha zimesimama bila kuonyesha zilivyozaa vita. Alama 5 hadi 6 ni za anayeeleza, lakini kwa upande mmoja: ama pamba tu, ama sababu nyingine tu. Alama 7 hadi 8 zinamwendea anayeeleza pamba na pia angalau sababu nyingine moja, hata kama anaziacha zikikaa sambamba bila kuzilinganisha. Na 9 hadi 10 ni za anayepima kwa kipimo anachokitaja.

Mpaka mgumu kuliko yote hauko juu. Uko kati ya fungu la pili na la tatu, kati ya kutaja na kueleza, na ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Mfano ni kodi. Mmoja anaandika: "Sababu nyingine ni kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898 na watu hawakuipenda." Kila neno ni sahihi, lakini ni kutaja. Mwingine anaandika: "Kodi ilidaiwa kwa fedha. Mkulima asiye na fedha alilazimika kwenda kufanya kibarua au kutumikishwa wakati shamba lake linahitaji kupaliliwa, hivyo kodi ikamletea njaa nyumbani. Alipokuja mtu wa kumwambia kwamba maji yatazuia risasi, hakuwa na mengi ya kupoteza." Huyu ameunganisha sababu na tendo. Msahihishaji anaweza kuipima tofauti hiyo kwa swali moja: je, baada ya kusoma sentensi hizi, msomaji asiyejua historia anaelewa kwa nini mtu alichukua silaha? Kama haelewi, mwanafunzi ametaja.

Swali hilo la kupimia lifaa liandikwe ndani ya mwongozo wenyewe, pamoja na mifano yote miwili ya kodi. Mwongozo wenye mifano kwenye mipaka yake unafanya kazi kuliko wenye maelezo marefu ya kila ngazi.

Chini ya ngazi hutiwa orodha ya mambo ambayo mtahiniwa anaweza kuyaleta: agizo la 1902, Nandete, maakida, kodi, Kinjikitile, Wangoni, na Wahehe ambao kwa jumla hawakujiunga. Orodha hii inahitaji onyo kwa herufi kubwa kwamba si ya kuweka tiki. Msahihishaji aliyechoka saa kumi jioni, mwenye karatasi 60 mbele yake, ataigeuza kuwa mwongozo wa kuhesabu hoja ikiwa haijakatazwa. Kuna sababu ya kitaaluma pia. Wanahistoria wenyewe hawajamaliza kubishana. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, ambao John Iliffe na Gilbert Gwassa walikuwa mstari wa mbele, uliiona Maji Maji kama harakati kubwa ya kuwaunganisha watu. Waandishi wa baadaye wametazama kwa karibu zaidi ugomvi wa eneo moja moja, na wengine wametilia mkazo sheria za misitu na uwindaji. Mwanafunzi akija na hoja ya nguruwe pori walioharibu mazao huku watu wakizuiwa kuwinda, haifai kunyimwa ngazi kwa kuwa nguruwe hawakuwamo kwenye orodha. Anapimwa kwa kile alichokifanya na hoja yake.

Sasa mwongozo ujaribiwe kwa jibu moja zima. Mtahiniwa ameandika aya nne. Ya kwanza inaeleza shamba la pamba la kijiji na jinsi lilivyogongana na msimu wa kulima chakula; ni maelezo kamili. Ya pili inataja kodi kwa sentensi mbili, haielezi. Ya tatu inaeleza dawa ya maji: kwamba iliwapa watu wa koo mbalimbali ujasiri na kiapo kimoja, hivyo uasi wa kijiji ukawa vita. Ya nne inahitimisha: "Kwa hiyo nakubali kwa kiasi kikubwa kwamba pamba ndiyo iliyosababisha vita kwa sababu iliwaumiza watu sana."

Msahihishaji anatafuta ngazi kwanza, si alama. Pamba imeelezwa, na sababu nyingine, maji, imeelezwa. Jibu limefika fungu la nne. Kodi iliyotajwa tu haimshushi. Kwa kusahihisha kwa ngazi mtu hupewa thamani ya alichofanikiwa kukifanya, hakatwi kwa alichokifanya nusu. Je, linaingia la tano? Hitimisho lina maneno "kwa kiasi kikubwa", lakini linarudia tu kwamba pamba iliumiza. Halisemi kwa nini pamba ina uzito kuliko maji. Hakuna kipimo, hivyo halijavuka. Baada ya ngazi ndipo inakuja alama: 7 au 8? Maelezo mawili yenye taarifa sahihi na mahsusi, moja likiwa limekamilika vizuri. Alama 8. Kama maelezo ya maji yangekuwa ya jumla mno, bila Kinjikitile wala Ngarambe wala mfano wowote, ingekuwa 7.

Hitimisho lile la "nakubali kwa kiasi kikubwa" linastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa ndilo linaloharibu miongozo mingi ya namna hii. Wanafunzi hujua haraka kinacholipa. Wakiambiwa kwamba ngazi ya juu inataka uamuzi, wanakariri sentensi ya uamuzi na kuibandika mwisho wa jibu lolote. Mwongozo unaosema "ana hitimisho linalojibu swali" utawapa alama 9 wote. Unaosema "anaonyesha kwa kipimo gani sababu moja inazidi nyingine, au inaeleza sehemu ipi ya tukio" utawapa wale waliopima tu, hata kama kupima kwao kumo katikati ya aya ya pili na jibu halina hitimisho kabisa. Hili la mwisho ni muhimu: uamuzi hauhesabiwi kwa mahali ulipokaa.

Ajali nyingine hutokea kimyakimya. Mtungaji anaandika ngazi vizuri, kisha kwa nia njema ya kumsaidia msahihishaji anaongeza: sababu mbili ngazi ya tatu, tatu ngazi ya nne. Hapo amerudisha hesabu ya hoja kupitia mlango wa nyuma, na mtahiniwa mwenye sababu sita za sentensi moja moja amepanda juu ya yule wa Wangoni. Wingi wa sababu unaweza kuamua alama ndani ya ngazi. Usiruhusiwe kuamua ngazi.

Hata mwongozo mzuri hausahihishi wenyewe. Kabla ya rundo kugawanywa, walimu watakaosahihisha hukaa pamoja na karatasi zilezile sita, nakala safi zisizo na alama. Kila mmoja anasoma peke yake na kuandika ngazi na alama pembeni, kwenye karatasi yake. Kisha wanataja kwa sauti, ngazi kwanza, na mwenye cheo kikubwa anataja wa mwisho ili wengine wasimfuate. Wakitofautiana kwa alama moja ndani ya ngazi ileile, hapana tatizo. Wakitofautiana kwa ngazi, mjadala usiwe juu ya nani mkali na nani mpole. Warudi kwenye sentensi ya mpaka waone ni neno gani kila mmoja amelisoma kivyake. Mara nyingi ni neno "anaeleza". Sentensi inarekebishwa hapohapo, na karatasi mbili zilizoleta ubishi zinaunganishwa na mwongozo kama mifano.

Dalili za mwongozo mbovu huonekana pia baadaye, kwenye orodha ya alama. Darasa la watu 45 ambapo 38 wana 5 au 6 si lazima liwe darasa la wanafunzi sawa. Huenda wasahihishaji hawakuuona mpaka wa chini wala wa juu, wakakimbilia katikati kwa usalama. Anayetaka kujua achukue karatasi tano za 5 na tano za 6 azisome upya bila kuangalia alama. Akikuta ndani yake kuna waliotaja tu na waliopima, kosa liko kwenye sentensi za mipaka.

Kuna kiwango cha mvutano ambacho hakiondoki hata kwa bidii hiyo yote. Mwaka 2018 mamlaka inayosimamia mitihani Uingereza ilitoa takwimu za uwezekano wa mtahiniwa kupewa daraja lilelile ambalo mtahini mkuu angempa. Kwa hisabati ulikuwa karibu asilimia 96. Kwa historia, zaidi kidogo ya nusu. Wapo wanaoitumia tofauti hiyo kudai insha zifutwe na maswali ya kuchagua jibu yachukue nafasi yake. Dai hilo linapima usahihi wa mizani na kusahau kilichowekwa juu yake: swali la kuchagua jibu lingesahihishwa kwa makubaliano kamili, lakini lisingeweza kumtambua mwanafunzi aliyeuliza juu ya Wangoni.

Kwa walimu wa Tanzania kuna nafuu moja. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo ngazi zinaweza kuandikwa kwa lugha ileile ambayo mtahiniwa amefikiria nayo. Msahihishaji hana tena kazi ya kukisia kama sentensi ya "watu hawakuipenda kodi" ni ufinyu wa fikra au ufinyu wa Kiingereza.

Wale wanafunzi wawili wa mwanzo, basi. Mwenye sababu sita anakaa fungu la pili na anachukua alama 4, kilele cha fungu lake, kwa sababu taarifa zake ni nyingi na sahihi. Wa pili ameeleza pamba kikamilifu, na kwa swali lake la Wangoni ameonyesha mahali kauli inapokatikia. Ila aliishia kuuliza. Hakueleza kilichowasukuma Wangoni wenyewe, wala uhuru walioupoteza, wala maji yaliyowafikia. Kipimo anacho, maelezo ya upande wa pili hayajatosha. Jopo likifuata sentensi za mipaka litabishana kati ya 7 na 9, na kama limekubaliana mapema kwamba ngazi ya tano inasimama juu ya maelezo ya ngazi ya nne, litamwandikia 7, pamoja na maneno machache pembeni ya karatasi: eleza Wangoni walitaka nini.